Mkate Nao Hulala Kiporo

(Maneno niliyozungumza Magomeni mbele ya akina mama na vijana wanaooka majumbani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimepunguza vichekesho.)

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliojibanza nyuma karibu na panka, marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kutunza tunavyooka: mkate, keki, na donge ambalo bado halijaingia ovenini. Muda niliopewa ni mdogo, kwa hiyo sitagawa sawasawa kama pilau la msibani. Nitakaa sana kwenye mkate, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza hela nyingi kabla ya kuelewa kinachotokea. Mkishaelewa wa mkate, keki na donge vitafuata vyenyewe.

Nianze na swali. Ni nani hapa mkate ukibaki jioni anauweka kwenye friji? Nyoosheni mikono, msiogope. Haya, karibu wote. Na asubuhi mkiutoa unakuwaje? Naona huyu dada anacheka. Unakuwa mkavu, ukiupaka siagi unamegeka, mtoto anauacha nusu kwenye sahani. Halafu tunasema, "Friji imekausha mkate."

Mimi nami nilisema hivyo kwa miaka. Mwaka jana mwezi wa Machi, masika yakiwa bado hayajashika na Dar ikiwa inachemka, nikaamua kuupima ukweli huo kwa mzani wangu wa jikoni. Nilioka mikate mitatu kutoka donge moja. Ilipopoa kabisa nikakuta kila mmoja una gramu 500, kasoro kidogo. Kila mmoja nikautia kwenye mfuko wake na kuufunga vizuri. Wa kwanza nikauacha mezani, wa pili nikauweka kwenye friji, na wa tatu nikaukata slesi kwanza, kisha nikautia kwenye friza.

Kesho yake asubuhi nikautoa ule wa kwenye friji, nikaupima. Ulikuwa umepungua gramu mbili. Mbili tu, chini ya nusu ya kijiko cha chai cha maji! Lakini ukiubonyeza kwa kidole hauinuki, na ukiukata unatoa vumbi. Wa mezani, uliokaa kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu usiku kucha, ulikuwa bado laini. Sasa kama friji ndiyo iliyokausha mkate, maji yamekwenda wapi? Hayakwenda popote. Yalikuwa humo humo ndani ya mkate.

Jambo hili si mimi niliyeligundua. Mkemia mmoja wa Kifaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alilionyesha mwaka 1852. Alifungia mkate usiweze kupoteza maji, na bado ukawa mkavu mdomoni. Kisha akaupasha moto upya, ukarudi laini kama uliotoka kuokwa. Mkate uliopoteza maji hauwezi kurudi hivyo kwa kupashwa tu. Kwa hiyo ugumu ule una chanzo kingine.

Chanzo chenyewe mnakijua wote, maana mnakiona kila siku kwenye sufuria ya wali. Chukua wali uliobaki jana, ulale kwenye friji. Asubuhi punje zimekakamaa, ukiila baridi ni kama unatafuna kokoto ndogo. Ukiupasha na kufunika, wali unalainika na chai inashuka vizuri. Maji hukuongeza, au uliongeza matone tu. Wali ule una wanga, na unga wa ngano nao una wanga. Wanga ukipata maji na moto huvimba, nyuzi zake zinafunguka na kulegea, ndiyo maana wali wa moto na mkate wa moto ni laini. Ukipoa, zile nyuzi zinaanza kurudi kujipanga, moja inalala ubavuni mwa mwenzake kama vijiti vya kiberiti. Zikishajipanga zinakaza, na maji yaliyokuwa katikati yao yanasukumwa pembeni. Maji yapo, ila ulimi hauyaoni. Mkate, ndugu zangu, nao hulala kiporo.

Na huko kujipanga hushika kasi zaidi katika joto fulani. Si joto la chumba chetu, wala si baridi ya friza. Ni ile baridi ya katikati, nyuzi tatu nne tano hadi kumi hivi juu ya sifuri, yaani friji kabisa. Kuna jaribio la maabara lililoonyesha kwamba mkate uliokaa siku moja katika nyuzi 7 ulikakamaa sawa na uliokaa siku sita katika nyuzi 30. Hesabu hiyo inatuhusu sisi kuliko watu wa nchi za baridi, kwa sababu nyuzi 30 ndiyo hewa ya jikoni kwetu Dar bila kuwasha kitu. Joto letu tunalolilaani, kwa upande huu, linautunza mkate.

Kwa upande huu tu, nasema. Maana siku ya nne ule mkate wangu wa mezani ulikuwa na vidoa vya kijani tumboni, pale unapogusa mfuko. Ukungu. Hapo ndipo tunapobanwa: friji inazuia ukungu lakini inaleta kiporo, meza inazuia kiporo lakini inaleta ukungu. Kwa hali ya hewa ya huku pwani, mkate wa nyumbani usio na dawa ya kuzuia ukungu mimi naupa siku mbili mezani, tatu ukiwa na bahati. Wakati wa masika naupa siku moja na nusu.

Na ule wa tatu, wa friza? Nilitoa slesi mbili siku ya nane, nikaziweka moja kwa moja kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Mume wangu alikula akidhani nimeoka asubuhi ile. Sikumwambia.

Friza inafanya kazi kwa sababu katika nyuzi 18 chini ya sifuri maji yameganda na zile nyuzi za wanga haziwezi kusogea kujipanga. Lakini ili kufika huko chini mkate lazima upite kwenye lile joto la friji, na ukitolewa lazima ulipite tena. Ukiuweka mzima, katikati yake unachukua saa nyingi kuganda, na saa zote hizo unajipanga. Ukikata slesi na kuzitandaza, zinapita haraka. Kwa hiyo kata kwanza, ndipo ugandishe. Na kata siku ile ile ulipooka, jioni, ukiwa umepoa. Usisubiri mpaka uone mkate umeanza kuchoka ndiyo ukumbuke friza. Friza inasimamisha saa pale ilipoikuta, hairudishi nyuma.

Nimesema ukiwa umepoa. Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ukungu mwingi tunaulea wenyewe. Mkate ukitoka ovenini hauna ukungu hata chembe, moto umeua kila kitu juu yake. Vijidudu vya ukungu vinatua baadaye: kutoka hewani, kwenye kisu, kwenye mikono, kwenye kibao ulichokatia kitunguu. Halafu tunavipa maji. Mteja anapiga simu ana haraka, mkate una uvuguvugu, tunautia kwenye mfuko. Dakika kumi baadaye mfuko una umande kwa ndani. Ule umande unadondoka kwenye ganda la mkate na hapo ukungu umepata shamba lenye mvua. Mkate wa nusu kilo unahitaji saa mbili, na kwa joto letu tatu, ukiwa juu ya wavu ili hewa ipite chini pia. Usiuache kwenye kopo lake, utatoa jasho. Ukitaka kujua kama umepoa, usishike ganda, ganda linadanganya. Geuza mkate, weka kiganja katikati ya kitako chake. Ukihisi joto lolote kuliko mkono wako, bado.

Na mkate ukiwa na doa la ukungu usikate doa ukala kilichobaki. Mkate ni kama sifongo, mizizi ya ukungu inakuwa imeshatembea kabla rangi haijaonekana. Tupa.

Kuna ugonjwa mwingine wa mkate ambao hapa kwetu unatokea na watu wanadhani ni mkate mbichi. Unakata mkate wa siku ya pili, ndani unanata, unavutika nyuzi nyuzi kama bamia, na una harufu tamu ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Huo haukupungua kuiva. Ni bakteria ambao mbegu zao zimo kwenye unga wenyewe, zinavumilia moto wa oveni, na zikikuta mkate wa uvuguvugu katika chumba cha joto zinaamka. Mimi ulinipata nilipokuwa nabana mikate ya moto kwenye kreti ili niwahi daladala. Tiba yake: poza haraka, usibane mikate, na kwenye kila kilo ya unga tia vijiko viwili vya chakula vya siki. Ladha haisikiki, ila bakteria hao hawapendi uchachu. Na futa meza, kisu na wavu kwa siki pia, maana ukishaingia jikoni unapenda kubaki.

Sasa mkate uliokwisha kukakamaa, tuutupe? Hapana, tuupashe kama kiporo. Zile nyuzi zilizojipanga zinaachana ukifikisha ndani ya mkate nyuzi 60 na zaidi. Nyunyizia maji kiganja kimoja juu ya ganda, oveni nyuzi 180, dakika kumi. Usiye na oveni, weka sufuria kavu juu ya jiko la mkaa, sahani ya bati ndani, mkate juu ya sahani, funika, na moto uwe mdogo. Kisha uliwe hapo hapo. Ukipoa mara ya pili unakakamaa upesi kuliko mara ya kwanza, na safari hii umepoteza maji kweli. Kwa hiyo pasha unaoliwa tu.

Niseme neno dogo kuhusu hotipoti, kwa sababu naona watu wanahifadhia mkate na chapati humo usiku kucha. Hotipoti ni ya kufikisha chakula mezani. Chapati za moto zikilala humo zinatoa jasho, na asubuhi ya chini inateleza. Chapati nazo zinagandishwa vizuri sana, kila moja ikiwa na karatasi katikati, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Nije kwenye keki. Keki haikakamai haraka kama mkate, kwa sababu sukari inashikilia maji na mafuta yanakaa katikati ya wanga yakiuzuia kujipanga. Ndiyo maana keki ya siku ya tatu bado inaliwa. Kwa hiyo tatizo la keki ni la aina nyingine. Kwanza, siagi. Keki ya siagi au majarini ikiwekwa kwenye friji inakuwa ngumu kwa sababu siagi yenyewe imeganda, na watu wanalalamika kwamba ni kavu. Iache mezani saa moja na nusu, italainika. Keki ya mafuta ya maji, kama ya karoti au ya chokoleti, haina shida hiyo, na kwa oda ambazo najua zitapita kwenye friji mimi natumia mafuta, au nusu kwa nusu. Pili, keki ina majeraha. Popote ulipokata, maji yanatoka. Keki nzima iliyofunikwa na aisingi ni kama imevaa koti. Iliyokatwa kipande, bandika nailoni ya chakula moja kwa moja kwenye ule uso uliokatwa, ishikane nao. Kufunika boksi peke yake hakutoshi.

Niwape oda moja niliyoifanya, ili muone siku kwa siku. Ilikuwa sendofu ya Jumamosi usiku, keki ya vanila ya matabaka matatu, kila tabaka upana wa sentimita 25. Zamani oda kama hiyo ningeoka Ijumaa usiku, nisilale, nipambe nikiwa na usingizi. Hii nilioka Jumatano jioni. Matabaka yalipopoa kwenye wavu na kubaki na uvuguvugu wa mbali kabisa, ule wa kusikia kwa shavu kuliko kiganja, nikayafunga kila moja kwa nailoni ya chakula mara mbili, ikibana pande zote bila hewa, na juu yake foili. Nikayalaza friza juu ya sinia bapa. Kuyalaza bapa ni muhimu; keki laini ikigandia juu ya mfuko wa samaki inachukua umbo la samaki. Na samaki mwenyewe awe mbali, siagi inanyonya harufu kama pamba.

Ijumaa saa mbili asubuhi nikayatoa friza. Hapa ndipo penye siri, na hapa ndipo mwaka mmoja kabla nilipojiaibisha. Nilikuwa nimetoa keki iliyoganda, nikafungua nailoni pale pale ili iyeyuke haraka. Hewa ya Dar ina maji mengi. Ikigusa kitu cha baridi, maji yale yanatua juu yake, kama mnavyoona chupa ya soda ikitoka jasho. Keki yangu ikatoka jasho. Juu ikawa ya kunata, nikadhani itakauka, nikaivalisha fondanti. Kufika ukumbini, fondanti nyeupe ilikuwa imeteleza upande mmoja na maua mekundu yamelia damu. Bibi harusi hakusema kitu. Mama yake alisema, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo safari hii sikufungua. Matabaka yalikaa mezani yakiwa ndani ya nguo zake kwa saa nne. Jasho lilikuja, lakini lilitua juu ya foili, nikalifuta kwa taulo, ndipo nikafungua. Keki ndani ilikuwa kavu juu na laini tumboni. Kisha nikailisha shira: gramu 100 za sukari na mililita 100 za maji, zichemke mpaka sukari iyeyuke, zipoe, matone ya vanila. Kwa kila tabaka nilitumia karibu mililita 50, kwa brashi, nikianza pembezoni kwa sababu pembe ndizo zinazokauka kwanza ovenini. Ukimimina katikati kama unamwagilia mchicha, katikati inakuwa ujiuji na pembeni kubaki mkavu. Nikapanga, nikatia jamu ya embe na aisingi ya siagi, nikafunika nje. Ijumaa usiku ililala katika chumba chenye kiyoyozi ndani ya boksi, haikuingia friji. Jumamosi ikafika ukumbini salama, foleni na yote.

Lakini angalia, niliweka jamu na aisingi ya siagi yenye sukari nyingi. Kama ndani kungekuwa na krimu ya maziwa au kastadi, habari ingebadilika kabisa. Hiyo lazima ikae friji, na mezani isizidi saa mbili. Kwa siku ya zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Hapo ukavu si hoja tena, hoja ni tumbo la mgeni. Mteja akitaka krimu kwa sherehe ya bustanini saa nane mchana mwezi wa Januari, mimi namwambia hapana, na namweleza kwa nini.

Limebaki donge. Wengi mnauza skonzi asubuhi na mnaamka saa tisa usiku kukanda. Donge linaweza kukandwa mchana na kugandishwa, lakini hamira ni kiumbe, na baridi inaua baadhi yao. Hamira iliyokwisha kuamka na kuanza kuumua inakufa zaidi kuliko iliyolala. Wanaokufa wanaacha kitu kinacholegeza donge, ndiyo maana donge lililogandishwa vibaya linatandazika kama uji badala ya kusimama. Kwa hiyo tunafanya kinyume cha mazoea. Kilo moja ya unga ambayo kwa kawaida unatia gramu 10 za hamira ya chenga, tia 15. Maji yawe ya baridi kutoka friji. Kanda mpaka donge livutike vizuri, lipumzike dakika kumi tu, usilisubiri liumuke. Gawa madonge ya gramu 60, viringisha, panga kwenye sinia yasigusane, tia friza. Baada ya saa tatu yamekuwa mawe. Yahamishie kwenye mfuko mzito, toa hewa, andika tarehe. Tumia ndani ya wiki mbili hadi tatu. Baada ya hapo yataumuka, lakini kwa uvivu.

Kuyaamsha ndiko kunakowashinda watu. Ukiyatoa friza saa kumi alfajiri ukayaweka mezani, joto letu linayeyusha nje haraka, nje kunaanza kuumuka huku kiini kikiwa bado barafu. Ukioka, skonzi inakuwa na ganda lililochoka na katikati bonge jeupe la unga uliokazana. Ukiliona bonge hilo, usilaumu hamira, ni haraka yako. Yatoe jioni, yapange kwenye sinia iliyopakwa mafuta, yafunike, yaweke friji usiku kucha. Ndiyo, friji ile ile niliyoisema vibaya. Donge bichi halina wanga ulioiva wa kujipanga, kwa hiyo friji hailidhuru. Alfajiri yatoe, yakae mezani saa moja hadi moja na nusu. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole na kubakiza alama, oka. Likiruka kurudi, subiri.

Na umeme. Friza iliyojaa ikikaa bila kufunguliwa inaweza kushikilia baridi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Kwa jiko la joto kama langu mimi nahesabu pungufu ya hapo. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Na weka kikombe cha maji ndani, yakiganda weka sarafu juu. Mimi LUKU iliniishia usiku nikiwa nimelala, ikarudi nilipoamka na kununua, na kila kitu kikaganda tena kana kwamba hakijatokea kitu. Sarafu ya mia mbili ilikuwa chini ya kikombe. Donge lote siku hiyo nililioka, sikulirudisha, kwa sababu donge lililoyeyuka likaumuka na kugandishwa tena limepoteza hamira mara mbili.

(Baada ya hapo palikuwa na maswali. Naandika moja tu, la bibi mmoja aliyekaa mbele na kanga yake.)

Aliuliza, "Mwanangu, wewe umesema ngano. Na mkate wangu wa kumimina je? Asubuhi unakuwa kama tofali, jioni unachacha."

Shikamoo bibi. Mkate wa kumimina una mashaka mawili kwa mpigo. Mchele unakakamaa ukipoa, na ndio ule ule wanga wa kiporo. Halafu kuna tui, na tui katika joto hili halikai. Kwa hiyo huo usiupe hata usiku mmoja mezani. Ukipoa jioni ile ile, kata vipande vya kuliwa na mtu mmoja, funga kila kimoja kwa nailoni, friza. Wiki mbili unakaa. Wakati wa kula usiutie kwenye kikaango, utakauka. Chemsha maji sufuriani, weka chujio juu, vipande ndani ya chujio bila nailoni, funika kwa mfuniko uliofungwa kitambaa ili matone yasirudi juu ya mkate. Dakika nane mpaka kumi. Choma kijiti katikati, kishike mdomoni: kikiwa cha moto, umeiva upya.

Bibi akasema, "Kitambaa cha mfuniko hicho mie nakijua toka kwa mama yangu. Hilo la friza ndilo sikuwa nalo."